Barua kwa prefe: mtoto gani, deni gani, sababu gani

Barua yenyewe huwa fupi na yenye adabu. Juu kuna jina la Kasongo na tarehe, chini yake "Kwa Mheshimiwa Bwana Prefe", halafu mstari wa "Kuhusu: kuomba muda". Kinachofuata ni sentensi moja ndefu ambayo ndani yake mzazi anasema ana heshima kubwa ya kufika mbele ya mamlaka tukufu ya Prefe, anaomba radhi kwa usumbufu, na anaomba aongezewe muda kidogo kwa pesa za shule za mtoto wake, kutokana na matatizo ambayo Prefe mwenyewe anayajua. Kisha shukrani, dua, na sahihi. Ukiisoma mara ya pili huoni kosa la lugha wala neno lililokosa heshima. Ila mtoto hana jina, deni halina kiasi, na matatizo hayana sura. Barua za namna hii hufika katika shule za Kasongo na Kabambare kila inapokaribia siku ya kuwarudisha nyumbani wanafunzi wenye deni, na mzazi asipopata jibu husema prefe ni mtu mgumu. Mimi nadhani mara nyingi ugumu haumo moyoni mwa prefe. Barua haikumpa kitu cha kukubali.

Kwanza tujue ni shule zipi zinazozungumzwa. Katiba ya Kongo ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya primari katika shule za umma ni ya lazima na ya bure, lakini ilibidi kungoja hadi Septemba 2019 ndipo serikali ilipoanza kuitekeleza nchi nzima. Tangu hapo barua ya kuomba muda imebaki hasa ya sekondari na ya shule za binafsi, na ndiyo sababu humu namtaja prefe kuliko mkurugenzi wa primari. Darasa la 7 na la 8, ingawa sheria ya elimu ya Februari 2014 inayahesabu ndani ya elimu ya msingi ya miaka minane, kwa vitendo bado mzazi anayalipia. Viwango hupangwa kwa agizo la gavana wa jimbo kila mwaka wa masomo, na shule hukusanya kwa awamu, kwa kawaida tatu. Pesa hizo zina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipolemewa na mishahara na walimu wakagoma, wazazi, makanisa na walimu walielewana kwamba wazazi wachangie ili shule zifunguliwe. Mpango uliodhaniwa wa muda ukakaa. Hata leo sekondari nyingi zina walimu ambao hawajaingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na kinachowaweka mbele ya ubao ni mchango wa wazazi. Prefe akitoa muda, basi, hatoi cha kwake. Anaahirisha chakula cha mwalimu wa hesabu, na anatakiwa ajue anakiahirisha kwa kiasi gani na hadi lini.

Mzazi akishakabidhi barua, huwaza kwamba inaingia mikononi mwa mtu mmoja. Kwa kweli inapita mikono minne. Sekretere anaipokea, anaipiga muhuri wa kupokelewa na kuiandika katika daftari la barua zinazoingia. Prefe anaisoma na kuandika pembeni uamuzi wake kwa maneno machache na tarehe. Kutoka hapo inakwenda kwa mtunza kashi, ambaye ana daftari la malipo, na mwisho kwa mkurugenzi wa nidhamu, yule anayepita darasani asubuhi na orodha ya wadeni na kuwaambia wakusanye madaftari waende nyumbani. Huyu wa mwisho hajasoma sentensi hata moja ya heshima. Yeye anataka kujua ni jina lipi alifute kwenye orodha na alirudishe tarehe ngapi. Mtunza kashi naye anataka kujua ni pesa ipi isidaiwe kwa sasa. Ukiziangalia nafasi zile tatu zilizo wazi kwenye barua, utaona kila moja ina mtu wake anayeisubiri: jina linasubiriwa na mwenye orodha, kiasi kinasubiriwa na mwenye kashi, na sababu inasubiriwa na prefe, kwa maana ndiyo inayomsaidia kuchagua tarehe. Barua isiyo na hayo inaweza kumgusa prefe na bado mtoto akafukuzwa kesho yake, kwa kuwa huruma ya ofisini haikupata njia ya kufika darasani.

Tuchukue jina. Mzazi anapoandika "mtoto wangu" anaamini sahihi yake inatosha kumtambulisha mtoto. Katika nchi nyingine pengine ingetosha, kwa kuwa mtoto hubeba jina la ukoo la baba. Kongo si hivyo. Mtoto hupewa majina yake mwenyewe, mara nyingi ya babu, ya mjomba au ya rafiki wa familia, na watoto watatu wa baba mmoja wanaweza wasishiriki jina hata moja. Ongeza kwamba katika Kasongo, mji uliokaa na Uislamu tangu siku za Tippu Tip, akina Ramazani, Amisi, Salumu na Shabani wamejaa kila darasa, na majina ya Kikusu na Kizimba yanarudiwa vilevile ukoo hadi ukoo. Halafu kuna watoto waliotoka vijijini, au waliokimbia fujo za Kabambare, wakakaa kwa shangazi au baba mdogo mjini ili wasome: anayesaini barua si mzazi aliyeandikwa katika fomu ya kumwandikisha mtoto. Kwa hiyo jina linalofaa ni majina yote matatu kwa mpangilio uleule uliomo kwenye bultini, pamoja na darasa, chumba kama kuna A na B, na fani anayosoma, kwa sababu mwaka wa tatu wa ualimu na mwaka wa tatu wa sayansi ni orodha mbili tofauti. Mwenye watoto wawili katika shule hiyohiyo awataje wote wawili hata kama anaombea mmoja. Asipofanya hivyo, mtunza kashi anaweza kudhani muda umetolewa kwa nyumba nzima, au, jambo linalotokea zaidi, mkurugenzi wa nidhamu akamfuta kwenye orodha yule ambaye hakuwa na shida.

Kiasi ndicho kinachoachwa zaidi, na sababu yake inaeleweka: wazazi wengi hawakijui kwa hakika. Kinachoitwa kwa jumla pesa za shule ni mafungu kadhaa yaliyofungwa pamoja. Kuna minervali, ambayo ni sehemu ndogo ya serikali. Kuna pesa za uendeshaji, zinazonunua chaki na karatasi. Kuna mchango wa walimu, ambao ndio mkubwa. Kuna bultini na karatasi nyingine za kuchapwa. Na kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kuna pesa za kushiriki Mtihani wa Taifa. Hili la mwisho lastahili kuelezwa polepole, maana ndipo maombi mengi yanapogonga ukuta. Mchango wa walimu unabaki shuleni, kwa hiyo prefe anaweza kuusogeza, hasa akielewana na kamati ya wazazi. Pesa za mtihani hazibaki. Shule inazikusanya na kuzipeleka mbele pamoja na orodha ya watahiniwa, kwa tarehe iliyopangwa na wakubwa wa elimu, na Kasongo, yenye ofisi ya jimbo la elimu la Maniema ya 2, haina uwezo wa kuibadilisha tarehe hiyo. Mzazi akiandika tu kwamba anaomba muda kwa "pesa zote", prefe mwaminifu hawezi kuweka sahihi, kwa sababu ndani ya hizo zote kuna fungu asilo na mamlaka nalo. Angeambiwa kwamba pesa za mtihani zimelipwa na kinachoombewa muda ni salio la awamu ya pili, angeweza kukubali bila kuinuka kitini.

Hata ndani ya fungu moja neno deni lina maana mbili, na hesabu ndogo itaonyesha. Tuseme, kwa mfano tu, shule inatoza faranga 150 000 kwa mwaka, kwa awamu tatu za 50 000, na awamu ya pili inatakiwa iwe imekamilika tarehe 15 Januari. Mzazi amelipa awamu ya kwanza yote na 20 000 za ya pili. Mwalimu akimuuliza anadaiwa ngapi, atajibu 80 000, kwa sababu ndizo zimebaki hadi mwisho wa mwaka. Mtunza kashi atasema 30 000, kwa sababu awamu ya tatu bado haijafika wakati wake. Wote wawili wako sawa, lakini kwa barua jibu linalofaa ni la pili. Anayeandika 80 000 anajitia kwenye deni ambalo hajaulizwa, anamtisha prefe bure, na akipewa mwezi mmoja atakuwa ameahidi kulipa kwa mwezi kiasi ambacho shule yenyewe ilikuwa tayari kukingoja hadi Aprili. Anayeandika 30 000 na kutaja namba za risiti mbili alizonazo anafanya jambo jingine pia: analinganisha daftari lake na la shule kabla ugomvi haujaanza. Ikiwa kwenye kashi ile 20 000 haikuandikwa, au iliandikwa kwa mtoto mwingine, itajulikana siku hiyo. Mzazi asiyejua deni lake, basi, kazi yake ya kwanza ni kwenda kwenye kashi na risiti zake mkononi kabla ya kutafuta kalamu.

Sababu ndiyo sehemu inayoandikwa kwa maneno mengi na kwa habari kidogo kuliko zote. "Matatizo", "hali ya maisha", "nchi ilivyo". Prefe anaijua nchi ilivyo. Yeye mwenyewe anaishi humo. Asichokijua ni kama katika nyumba hii pesa zimechelewa au zimepotea, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua jibu. Mkulima wa mpunga pesa zake zimechelewa. Mpunga unaopandwa mvua zinapoanza, karibu na siku za kufungua shule, huvunwa karibu na mwanzo wa mwaka, na kati ya kuvuna na kushika faranga kuna kukausha, kukoboa, na kungoja mnunuzi ambaye bei yake siku za mavuno huwa ya chini kabisa. Mzazi wa namna hiyo akiomba hadi mwisho wa Februari, tarehe yake ina maana, na prefe aliyekulia Kasongo ataielewa bila kuelezwa zaidi. Mtumishi ambaye mshahara wake haujafika naye amechelewa tu. Lakini baba aliyekuwa akichimba dhahabu upande wa Salamabila na akaondoka kwa sababu ya vita, au mama ambaye mtaji wake wa mawese umeishia hospitalini, pesa zake hazikuchelewa. Hazipo. Kumpa huyu wiki sita ni kumpa siku nyingine ya kufedheheka. Kinachomfaa ni kulipa kidogo kidogo, au kupunguziwa, na hilo kwa kawaida prefe halifanyi peke yake. Analipeleka kwenye baraza la uendeshaji la shule ambamo wawakilishi wa wazazi wamo. Prefe anayesoma "matatizo" hawezi kutofautisha watu hawa wawili, kwa hiyo anawapa jibu moja, na kwa vyovyote mmoja wao ataumia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini watu wenye akili timamu, waliozoea kupatana bei ya mbuzi hadi faranga ya mwisho, waandike barua tupu kiasi hiki. Sidhani ni ujinga. Mfano wa barua ambao shule zetu zimefundisha tangu wakati wa Wabelgiji ni wa ofisi: anwani, heshima, unyenyekevu, na mwisho heshima tena. Katika mfano huo ombi lenyewe lina mstari mmoja, kwa sababu barua za ofisini husindikiza jalada, na habari zote zimo ndani ya jalada. Mzazi amechukua kifuniko bila jalada. Mara nyingi hata haandiki mwenyewe. Anamwomba kijana anayejua Kifaransa amwandikie, na kijana ananakili mfano aliousoma darasani, wakati mwingine ni mwanafunzi yuleyule anayedaiwa. Kifaransa kizuri hufunika ukosefu wa habari kuliko Kiswahili kizuri, kwa kuwa mwenye barua hawezi kuisoma na kuuliza: mbona jina la mtoto silioni? Kwa barua ya ndani kama hii, kati ya mzazi na shule ya mahali, sioni kwa nini Kiswahili kisitumike. Katiba inakitaja katika kifungu chake cha kwanza miongoni mwa lugha nne za taifa, na prefe, sekretere na mtunza kashi wote wanakisoma.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni kwamba Kasongo si Kinshasa: watu wanajuana, prefe anamjua mtoto na baba yake na msikiti au parokia yao, na kumwandikia majina matatu ni kama kumwambia hajui watu wake. Ni kweli watu wanajuana. Lakini mkurugenzi wa nidhamu aliyehamishiwa hapa mwaka huu hawajui, na prefe naye huhamishwa, wakati mwingine katikati ya mwaka. Anayempokea kiti hurithi jalada, harithi urafiki. Tena prefe anayekubali kwa kujuana tu anajitia hatarini. Kamati ya wazazi ikimuuliza kwa nini watoto kumi na wawili hawakulipa na hawakurudishwa, jibu la "nawajua wazazi wao" litasikika kama upendeleo, hata kama ni uadilifu mtupu. Barua yenye jina, kiasi na sababu ni kinga yake. Kwa maana hiyo mzazi anayeandika kwa ukamilifu anampa prefe kitu cha kumlinda anapokuwa mwema, na mimi nahesabu hiyo kuwa heshima kubwa kuliko "mamlaka tukufu".

Pingamizi zito zaidi ni la aibu. Barua inapita kwa sekretere, na sekretere ana majirani. Mwanamke ambaye mume wake amemwacha, au nyumba yenye ugonjwa usiotajwa sebuleni, hawatataka habari zao zisomwe kwenye benchi la kungojea. Hapa nakubali nusu. Shule haina haki ya kujua jina la ugonjwa wala ugomvi wa ndoa, na prefe anayedai maelezo hayo amevuka mpaka. Lakini sababu inayohitajika ni ile ya pesa, na hiyo inaweza kusemwa kwa sentensi moja isiyofungua mlango wa chumba: "pesa zilizowekwa kwa awamu ya pili zimetumika kwa matibabu ndani ya nyumba", au "anayelipia shule hajatuma kitu tangu Novemba". Sentensi hizo zinasema kama pesa zimechelewa au zimekwisha, na zinaacha mengine mahali pake. Anayetaka kuongeza aongeze kwa mdomo, ofisini, mlango ukiwa umefungwa, na katika barua aandike kwamba yuko tayari kueleza zaidi ana kwa ana.

Wengine wanaogopa kiasi kwa sababu ya ujanja wa kisheria: kuandika deni ni kulikiri, na karatasi inaweza kumrudia mtu. Kwa deni la shule hofu hiyo haina uzito. Daftari la kashi tayari linaonyesha deni, na ukimya wa mzazi haulifuti. Barua inayotaja kiasi pamoja na risiti inamfunga mzazi kwenye 30 000, na papo hapo inaifunga shule isije ikadai 50 000. Kama mzazi hakubaliani na kiasi, hapo ndipo pa kusema: "kwa risiti zangu nadaiwa 30 000, kashi inasema 50 000, naomba daftari likaguliwe." Kumbe hiyo ni barua nyingine kabisa, ya malalamiko, na prefe atafurahi kuipata mapema.

Linabaki pingamizi la maprefe wenyewe, ambalo si dogo. Wanasema: wakishajua kwamba sababu inahitajika, wazazi watabuni. Kila mtu atakuwa na mpunga na kila mtu atakuwa na mgonjwa. Bila shaka baadhi watabuni. Ila uongo wenye tarehe na kiasi hujipima wenyewe. Aliyesema atalipa 15 000 tarehe 31 Januari ama amelipa ama hakulipa, na prefe anajua mwanzoni mwa Februari jambo ambalo kwa barua ya "matatizo" angelijua Juni, bultini zinapozuiwa. Uongo hukaa kwa raha zaidi ndani ya maneno ya jumla, maana hayana siku ya kukaguliwa. Tena shule ina njia rahisi ya kujisaidia: kubandika mlangoni mwa kashi karatasi inayosema barua ya kuomba muda iwe na nini. Hilo halihitaji agizo la gavana.

Basi barua iliyokamilika inaweza kuwa hivi, kwa kutumia hesabu tuliyoifanya na majina ya kubuni. "Kasongo, tarehe 10 Januari. Kwa Bwana Prefe. Kuhusu: kuomba muda wa kumalizia awamu ya pili ya Ramazani Amisi Idi, mwaka wa tatu wa ualimu, chumba B. Shikamoo, Bwana Prefe. Mimi ni baba mdogo wa mwanafunzi huyu na ndiye ninayemlipia. Nimelipa awamu ya kwanza yote na 20 000 za awamu ya pili, na risiti zake mbili nimeziambatisha kwa nakala. Nimebakiza 30 000. Sababu ni kwamba tunalipa kwa mpunga, na mpunga wetu bado uko shambani. Naomba nilipe 15 000 tarehe 31 Januari na 15 000 tarehe 28 Februari, na mtoto aendelee kusoma na kufanya mitihani ya semesta. Awamu ya tatu nitailipa kwa wakati wake. Asante." Chini yake jina, sahihi, mtaa na namba ya simu. Heshima imo yote: salamu ya mkubwa kwa cheo chake, ombi lililotolewa kama ombi, na shukrani. Prefe anaweza kuandika pembeni "Nimekubali, tarehe hizo mbili" bila kuuliza swali hata moja. Angalia pia kwamba malipo ya kwanza yamewekwa karibu, hata kama ni nusu tu, kwa sababu kuna mwalimu asiye na mshahara anayeingoja, na prefe huona wepesi kuacha nusu isogee ikiwa nusu nyingine inaonekana.

Andika nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili irudi na muhuri wa kupokelewa, na uamuzi ukishaandikwa mwanafunzi awe nayo ndani ya daftari, kwa kuwa siku ya orodha mkurugenzi wa nidhamu hatakwenda ofisini kuuliza. Barua hii ina mipaka yake. Haiwezi kusogeza tarehe ya pesa za mtihani, na shule ambayo kashi yake imekauka na walimu wake wametishia kuacha kazi inaweza kukataa hata ombi lililoandikwa vizuri namna hii. Mzazi akikataliwa, ana haki ya kuomba ombi lake lisomwe mbele ya baraza la uendeshaji, na karatasi yenye kiasi na sababu ndiyo itakayosomwa huko. Ugumu mwingine unakuja mpunga ukivunwa na mnunuzi asifike, kwa sababu mvua imekata barabara ya kwenda Samba na magunia yako pale pale. Wazazi wengi hapo hunyamaza hadi mtoto afukuzwe. Afadhali barua ya pili iende wiki moja kabla ya tarehe 28, itaje ile ya kwanza kwa tarehe yake, iseme 15 000 ya Januari imelipwa kwa risiti namba fulani, na ipendekeze siku mpya kwa ile iliyobaki.